Nyufa baada ya jirani kuchimba shimo refu: barua kwa mwenye nyumba Ilala, na jinsi ya kuandika ombi lake Halmashauri ya Jiji

Mama Salma, shikamoo.

Nimemaliza vipimo vya nyumba yako. Uliniuliza mambo mawili: nyufa zimetoka wapi, na uandike nini ili mradi wa jirani uchukuliwe hatua. Ninayajibu pamoja kwa sababu ombi lako Halmashauri litakuwa na nguvu kwa kadiri linavyoeleza chanzo. Barua isemayo tu kwamba "nyumba yangu imepata nyufa" hujibiwa kuwa nyumba zote za zamani zina nyufa.

Nianze na chanzo. Shimo la jirani limefika kama mita 6 na nusu kwenda chini, na liko mita moja na nusu tu kutoka ukuta wako wa mashariki. Ardhi yenu ni mchanga, na maji yako karibu. Shimo kama hilo linaathiri ardhi inayolizunguka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba udongo uliokuwa ukiegemea ule uliochimbwa umekosa egemeo. Nguzo za zege walizopanga ukingoni hupinda kidogo kuelekea shimoni, udongo wa upande wako huzifuata, na msingi wako hushuka nao. Kushuka huku huwa kukubwa karibu na ukingo, kisha kunapungua haraka kadiri unavyokwenda mbali.

Njia ya pili ni maji. Pampu zao zinafanya kazi usiku na mchana ili sakafu ya shimo ikauke. Mtu aliyesimama majini hadi kifuani huhisi mwepesi. Maji yakiondoka, uzito wake wote hurudi miguuni. Udongo nao ni hivyo: kila mita moja ya maji inayoshushwa huongeza mzigo wa karibu tani moja kwa kila mita ya mraba kwenye tabaka za chini. Kisima chako cha uani, ambacho umesema maji yake yalikuwa mita 2 na nusu kutoka juu, sasa nimeyapima yakiwa mita 5 na nusu. Hizo ni mita 3, yaani karibu tani 3 za ziada kwa kila mita ya mraba. Kushuka kwa namna hii husambaa mbali na huwa kwa ulaini, kiasi kwamba nyumba nzima inaweza kwenda chini pamoja bila ufa hata mmoja.

Ili kujua ni njia ipi imekuumiza, nilifuata mstari mmoja wa tofali unaoizunguka nyumba, ambao fundi aliujenga ukiwa sawa. Pembe ya mashariki iko chini kwa karibu milimita 30. Mita 6 kutoka hapo, usawa wa mlango wa sebuleni, ni milimita 5. Ukuta wa magharibi ni milimita 4. Yaani milimita 25 zimepotea ndani ya mita 6 za mwanzo, mteremko wa moja kwa 240. Kwa kuta za tofali, wahandisi huanza kutarajia nyufa mteremko ukipita moja kwa 300, kwa hiyo nyufa zako ziko palepale zinapotarajiwa. Zimelala kwa mshazari kutoka pembe za madirisha, na ni pana juu kuliko chini, kwa sababu mwisho wa nyumba unashuka huku katikati pakibaki.

Mstari wa tofali una udhaifu wake: fundi naye anaweza kukosea milimita kumi. Ndiyo maana nilirudia vipimo. Katika wiki tatu pembe ya mashariki imeshuka milimita 4 nyingine na ukuta wa magharibi haujasogea. Mwendo huo hauwezi kuwa kosa la fundi. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kushuka imetokana na nguzo kupinda na mchanga kupenya katikati yake. Maji yameongeza milimita chache tu. Kuhusu mchanga, kinga chupa ya kioo kwenye bomba wanalomwagia maji mtaroni, iache itulie nusu saa. Niliona mchanga mwembamba umetuama chini ya chupa. Maji safi ni dalili njema, lakini mchanga ukitoka kila siku maana yake ardhi iliyo chini ya msingi wako inabebwa kidogo kidogo.

Sasa ombi. Pitia serikali ya mtaa na Mtendaji wa Kata kama kawaida, upate barua zao. Barua kuu iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kwani tangu 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Jiji. Nakala zipelekwe Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ukitaja majina ya mkandarasi na mhandisi mshauri kama yalivyoandikwa kwenye bango la mradi. Lipige picha bango hilo leo, mabango huhamishwa. Nakala yako ya kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hujatoka ofisini. Bila muhuri huo, barua haijawahi kufika.

Kuna sehemu mbili zinazokula muda na fedha za watu, na hizo nataka uzishike.

Sehemu ya kwanza ni kuthibitisha hali ya nyumba kabla ya uchimbaji. Mradi wa namna hii ulipaswa kuanza kwa wataalamu kuingia nyumba za majirani, kupiga picha kila chumba na kusaini ripoti pamoja na wenye nyumba. Kwako hawakuja. Hilo lenyewe liandike kwenye ombi, kisha ujaze pengo hilo mwenyewe. Mama, tafuta picha za familia: Idi, harusi, kisomo, chochote kilichopigwa sebuleni au uani miezi ya karibuni ambapo ukuta unaonekana nyuma ya watu. Zichukue kutoka kwenye simu iliyopiga picha, si zile zilizotumwa kwa WhatsApp, kwa sababu zikitumwa huko hupoteza tarehe iliyofichwa ndani ya faili. Nyufa zako zenyewe pia zinasema umri wao. Ufa mpya una kingo kali na ndani yake ni safi. Wa zamani una vumbi, utando wa buibui, au rangi ya ukuta iliyoingia ndani. Ule mmoja wa jikoni una rangi ya ukuta ndani, ni wa zamani, na nimeuandika hivyo kwenye ripoti. Usiudai. Ukidai ufa mmoja ambao si wao, watautumia kukataa yote.

Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha mbili za kila ufa, na upige picha ukiwa umeweka rula juu yake. Usizibe kwa plasta kwa sasa, hata wakikuletea fundi wao bure. Plasta ikishapakwa, ushahidi umefunikwa na hatutajua kama ufa unaendelea kupanuka.

Sehemu ya pili ni maneno ya ombi lenyewe, na hapa ndipo nimeona watu wakiumia zaidi. Mteja wangu mmoja aliomba mradi usimamishwe, akakubaliwa. Maandishi mekundu yakachorwa ukutani, mafundi wakaondoka, pampu zikazimwa. Shimo likabaki wazi masika yote. Maji yakarudi juu haraka, mchanga ukalegea, ukingo ukamomonyoka, na ukuta wake ukapoteza hata kile kilichokuwa kimebaki. Alichoomba alikipata, na kikamdhuru.

Kwa hiyo usiombe "kusimamisha ujenzi" kwa maneno hayo matupu, wala usiombe pampu zizimwe. Andika hivi: "Naomba uchimbaji wa kwenda chini zaidi usimamishwe, na mkandarasi aelekezwe mara moja kurudisha tuta la udongo kwenye upande wa ukuta wangu, kufunga mihimili ya kuegemeza nguzo, na kuziba mianya inayopitisha mchanga. Pampu ziendelee hadi mhandisi aliyesajiliwa athibitishe kwa maandishi kuwa ni salama kuzipunguza." Kisha omba mkaguzi afike eneo la mradi, na aone kama kibali cha ujenzi kinataja besimenti na kama michoro ya kuzuia udongo imesainiwa na mhandisi. Kibali cha ghorofa si lazima kiwe kibali cha kuchimba kina hicho. Mwishoni omba vipimo vya nyumba yako vichukuliwe kila wiki kwa gharama ya mradi, nawe upewe nakala. Ambatanisha ripoti yangu, picha za kabla na za sasa, na jedwali la maji ya kisima.

Ukiletewa fidia, jihadhari. Makandarasi wengi wana bima ya mradi, lakini bima za aina hiyo mara nyingi hazilipi madhara ya kudhoofika kwa egemeo la udongo isipokuwa kipengele maalumu kimeongezwa, na hata hicho mara nyingi hulipa nyumba ikianguka, yote au sehemu, huku kikiacha nje nyufa zisizohatarisha uimara. Pia hudai ripoti ya hali ya nyumba kabla ya kazi. Kwa hiyo omba jibu la mwenye mradi mwenyewe, si la bima pekee. Na usisaini karatasi yenye maneno "malipo ya mwisho" wakati shimo liko wazi. Nyumba bado inatembea. Matengenezo ya kweli yafanyike baada ya sakafu ya besimenti kumwagwa, pampu kuzimwa taratibu, maji kurudi kwenye kisima chako, na vipimo kubaki palepale kwa miezi kadhaa.

Ufa wako mpana kuliko yote leo ni milimita 6, uko juu ya dirisha la chumba cha wajukuu. Unatengenezeka. Ila wahamishie watoto chumba cha magharibi kuanzia usiku huu. Ukiona ufa wowote unakaribia milimita 15, linta ya dirisha imeachana na tofali, mlango uliokuwa ukifunguka umegoma ghafla, au udongo wa uani unabonyea karibu na ukingo, tokeni nje wote, mniite mimi na Mtendaji wa Kata kwa pamoja. Mabomba ya maji ya upande wa mashariki nayo yakaguliwe. Bomba likipasuka chini ya ardhi, litamwaga maji nyuma ya zile nguzo na kuzisukuma zaidi.

Nitarudi Jumamosi asubuhi kupima tena. Barua ya Mkurugenzi ipelekwe kabla ya hapo, ili kipimo kinachofuata kiwe na tarehe iliyo baada ya muhuri wao.

Wako,
Mhandisi wa udongo na misingi