SOMO: Mkono wa roboti wa boksi unaokunja vidole (soma lote ndipo uulize)

Swali ni lile lile kila wiki: "Mkono wa mtoto umegoma kukunja vidole." Naliandika hapa mara moja, anayeuliza tena nitamrudisha huku. Mtoto wa miaka 10 anaiweza kazi hii, vifaa vyote vimeshatumika, na gundi haihitajiki.

Vifaa: boksi la kadibodi yenye mawimbi katikati, mirija 3 ya kunywea, uzi imara uliofumuliwa kwenye gunia, tyubu kuukuu ya baiskeli, pete 5 za plastiki zinazobaki kwenye shingo ya chupa baada ya kufungua kifuniko, kalamu iliyokwisha wino na msumari.

1. Chora kiganja cha upana wa sm 14 na urefu wa sm 12, juu yake vidole vinne vya sm 9 kwa 3, ukiacha nusu sentimita kati yao.

2. Mtu mzima akate. Mtoto asishike kisu, hata kama anasema anajua.

3. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pasua ukingo wa boksi uone mawimbi yanaelekea wapi. Lazima yapande na urefu wa kidole. Yakikatiza kidole, kidole kinajikunja popote kinapotaka, na ukivuta mara chache kinalegea kabisa. Ndiyo maana dole gumba halikatwi pamoja na kiganja: linatoka kwa pembeni, kwa hiyo mawimbi yatalikatiza tu. Likate peke yake, kipande cha sm 9 kwa 3 chenye mawimbi ya urefu, kisha shona sm 3 za mwanzo kwenye kiganja.

4. Weka mikunjo kila baada ya sm 3, na mmoja pale kidole kinapoungana na kiganja. Bonyeza kwa kalamu kavu, upande wa ndani, mara mbili tatu. USIKATE kwa kisu. Karatasi ya juu ikikatika, kidole kitachanika hapo hapo.

5. Kata mirija: vipande viwili vya sm 2 kwa kila kidole (dole gumba kimoja), na kimoja cha sm 5 kiganjani kwa kila uzi. Kaza kila kipande kwa uzi kupitia matundu mawili ya msumari, bila kukibana hadi kibonyee. Kipande kikae katikati ya pingili yake, ili kwenye kila mkunjo pawe na pengo la sm 1. Pengo hilo ndilo linaloruhusu kukunja.

6. Toboa tundu sm 1 kutoka ncha ya kidole, pitisha uzi wa sm 50, funga fundo nyuma juu ya kipande kidogo cha kadibodi ili lisipenye. Uzi ushuke ndani ya mirija, mwishoni funga pete ya chupa.

7. Nyuma ya kila kidole shona utepe wa tyubu wa nusu sentimita, toka nchani hadi kiganjani. Unyooke tu, usivute. Ukivuta, kidole kitapinda kinyumenyume.

MASWALI

kadi_moja: Nimefuata kila kitu, havikunji.
Mwandishi: Mirija imeachana kiasi gani?
kadi_moja: Nimeweka mmoja mzima kila kidole, ni rahisi zaidi.
Mwandishi: Basi hukufuata kila kitu. Hatua ya 5.

mama_pacha: Samahani mwalimu, kidole chetu kinakunja ncha tu, shina linabaki limenyooka. Kwa nini?
Mwandishi: Swali zuri, mama. Uzi unavuta mikunjo yote kwa pamoja, kwa hiyo mlaini unatangulia. Rudia kubonyeza ule wa shina hadi uwe laini kama wa ncha. Ukiwa bado mzito, weka mrija mnene zaidi pale shinani. Uzi ukikaa mbali kidogo na kadibodi, unapata nguvu ya kugeuza.

haraka_haraka: Gundi ya unga je?
Mwandishi: Ina maji. Kadibodi ikilowa kwenye mkunjo inalegea. Nimesema hakuna gundi.

mjenzi_mdogo: Wa kwangu amehamia kwenye ngome ya maboksi, kuta zinatumbukia akiweka paa.
Mwandishi: Angalia mawimbi, bila shaka yamelala. Kwenye ukuta yasimame wima, hapo ndipo yanabeba uzito. Dirisha likae angalau sm 10 kutoka kona.

mama_pacha: Kona tunashona. Matundu mawili mawili kila sm 10, tunapitisha uzi na kufunga fundo nje. Akichoka, tunafumua na kukunja ngome nzima nyuma ya mlango.
Mwandishi: Matundu yawe sm 3 kutoka ukingoni, karibu zaidi yanachanika.