Somo: Kupasha kidole moto ili kichwa kipungue kuuma

Leo naeleza kinachofanyika ndani ya chumba cha tiba ya kisaikolojia mtu anapokuja na kichwa sugu, kile kinachouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, zaidi ya miezi mitatu. Daktari awe ameshampima kwanza. Wengi huja wakidhani watalazwa kwenye kochi waulizwe habari za utotoni. Sivyo. Haya ni mafunzo, mara nyingi vikao 8 hadi 12, kimoja kwa wiki, cha kama saa moja. Nitamfuata mteja mmoja, karani wa mapokezi, aliyekuwa akiumwa siku 19 kwa mwezi.

1. Daftari

Kabla ya chochote anaandika kwa wiki nne: saa, ukali kuanzia 0 hadi 10, dawa aliyomeza, na alichokuwa akifanya. Ukiongeza safu nyingine, hataandika. La kwake lilionyesha kuwa maumivu hupanda saa nane mchana, foleni ya wateja ikiwa ndefu, na kwamba humeza dawa maumivu yakiwa bado 3.

2. Kidole

Hapa ndipo penye bayofidibaki, yaani kujifunza kuutuliza mwili kwa kuona vipimo vyake. Tunabandika kwa plasta kipimajoto kidogo kwenye ncha ya kidole, namba inaonekana kwenye skrini. Mwili ukiwa na wasiwasi, mishipa midogo ya damu vidoleni hubana na kidole hupoa, ukitulia, hufunguka. Njia hii ilianzia kliniki ya Menninger huko Topeka, Kansas, miaka ya 1960, ilipoonekana mgonjwa mmoja mikono yake ikipata moto kipandauso kikimtoka.

Tulisubiri dakika 10 mwili uzoee chumba. Namba: nyuzi 27.4 za Selsiasi. Nikamwambia apashe kidole moto. Akakodoa macho, akakaza taya, namba ikashuka hadi 26.8. Akacheka kwa aibu, lakini karibu kila mtu huanza hivyo, kwa kuwa kujilazimisha nako ni kukaza. Basi nikageuza skrini. Afikirie ameshika kikombe cha chai ya moto, apumue taratibu, kama pumzi 6 kwa dakika. Baada ya dakika 12: 30.1.

Tunalenga kama 35, kisha kufika huko bila mashine. Nyumbani alifanya dakika 15 asubuhi na jioni. Kwa kichwa cha kubana kama kilemba, vitambuzi hukaa juu ya nyusi kupima misuli ya kipaji. Kazi ni ileile.

3. Wazo la saa nane

Hii ndiyo tiba ya fikra na tabia. Kila kikao tunafungua daftari na kuchukua tukio moja. Alhamisi, ukali 3, wazo: "Kikianza hivi, siku imekwisha." Anaamini kwa kiasi gani? Asilimia 90. Tukahesabu kwenye daftari lake mwenyewe: kati ya mara 14 kilipoanza hivyo, mara 5 tu kilifika 7. Sikumwambia awaze mema. Nilimpa jaribio: kikianza, apashe mikono moto dakika tano, aendelee na kazi dakika 20, apumzike hata kama anaweza kuendelea, aandike matokeo.

4. Kukaa nacho

Uzingativu tuliuingiza kikao cha sita. Anakaa, anafuata pumzi, kisha anapeleka akili kwenye maumivu yenyewe: yanaanzia wapi, yanaishia wapi, yanadunda au yanabana? Wengine huumia zaidi dakika za mwanzo. Hao tunawarudisha kwenye pumzi.

Mwezi wa tatu daftari lilisoma siku 11. Hakupona. Ila siku za kulala gizani zilitoka 6 zikawa 1.

Maswali ya wanachama

*Mama Swaumu:* Kwa hiyo mnasema tunajitungia maumivu?

Hapana mama. Kidole kilichopoa si cha kutunga, kinapimika. Mafunzo yanagusa mfumo uleule wa neva unaochochea maumivu.

*Msafiri:* Mimi nameza panadol karibu kila siku. Nianze na kidole?

Anza na daktari, kaka. Dawa za kawaida za maumivu zikifika siku 15 kwa mwezi, au zile za mchanganyiko na za kodeini siku 10, zenyewe zinaweza kulisha kichwa, na mazoezi hayatashika vizuri. Usiziache ghafla bila ushauri wake.

*Bi Rehema:* Kidole changu hakipandi kabisa, na nimefanya wiki mbili.

Kiyoyozi kipo? Unatumia propranolo? Dawa hiyo ya kuzuia kipandauso huweza kupoza mikono, hivyo usishindane na 35. Angalia kama namba inapanda kutoka ulipoanzia. Sigara na kahawa kabla ya zoezi nazo hubana mishipa.

*Juma wa Pili:* Kikishafika 9, zoezi linakizima?

Mara chache. Lifanye kikiwa 2 au 3, na siku ambazo hakiumi kabisa. Na kikija ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, au na homa na shingo kukakamaa, au mkono ukalegea, achana na kidole, nenda hospitali saa hiyohiyo.