Kuhakiki vyeti na kuwapigia wadhamini bila kumwonea mwombaji: hatua ninazofuata

Kazi yangu ni kuajiri watu wa stoo, mauzo na uhasibu kwa wafanyabiashara wa pembejeo na mbao kati ya Mbeya, Makambako na Mafinga. Mwongozo huu nautoa kwenye faili moja: nafasi ya mtunza stoo katika ghala la mbolea pale Uyole. Nimelichagua kwa sababu mwombaji aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye usaili alikuwa na kasoro tatu kwenye karatasi zake, na mwenye ghala alishaniambia, "Huyo achana naye, vyeti vyake ni feki." Havikuwa feki.

Woga wake naujua chanzo chake. Aprili 2017 serikali ilitangaza kwamba watumishi wa umma 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo kila mwajiri anajiona mpelelezi. Ila upelelezi wa kubahatisha huwaangusha wasio na kosa, na wenye kosa la kweli wanapita.

Hatua ya 1: Amua unachohakiki, na kwa nani

Kabla ya kushika simu, andika nusu ukurasa: kazi hii inahitaji nini hasa? Mtunza stoo wa mbolea anatakiwa ajue kusoma na kuandika hesabu, awe amesomea ugavi, na awe ameshika stoo kweli. Basi. Dini yake, kabila lake, watoto alionao, afya yake, havimo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya namna hiyo, na inamlinda hata anayeomba kazi, siyo aliyeajiriwa tu.

Halafu hakiki wale wawili waliofika mwisho tu. Kukusanya vyeti vya watu sitini walioomba ni kujitwisha taarifa za watu hamsini na nane usiozihitaji. Nakala ya kitambulisho cha NIDA nayo iombe mwishoni kabisa, kwa sababu tarakimu nane za mwanzo za namba ile ni tarehe ya kuzaliwa. Ukiiweka mezani wakati wa mchujo, umri wa mtu utakuwa umeshaingia kichwani mwa kila anayechuja, hata akikataa.

Hatua ya 2: Pata ridhaa iliyoandikwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mwenye taarifa ajue unakusanya nini na kwa sababu gani. Fomu yangu ni ya ukurasa mmoja, na sehemu inayobeba uzito inasomeka hivi:

"Naruhusu cheti changu cha kidato cha nne kihakikiwe Baraza la Mitihani, na stashahada yangu ihakikiwe chuoni. Naruhusu watu wawili niliowataja hapa chini waulizwe kuhusu kazi niliyofanya, muda wake na majukumu yake. Mwajiri wangu wa sasa: aulizwe / asiulizwe mpaka nipewe barua ya ajira. Nisipopata kazi, nakala zangu ziharibiwe baada ya siku 90."

Mstari wa mwajiri wa sasa nimeuweka kwa majuto. Miaka ya nyuma nilimpigia bosi wa kijana mmoja aliyekuwa bado kazini kwake. Kesho yake kijana alinyang'anywa funguo, na mimi kazi nikampa mtu mwingine. Alibaki bila huku wala kule. Tangu siku hiyo mwajiri wa sasa simgusi mpaka mtu awe na barua mkononi, yenye sharti kwamba uhakiki ukamilike.

Hatua ya 3: Tenganisha maswali mawili kuhusu cheti

Swali la kwanza: je, cheti hiki ni halali? La pili: je, ni cha huyu aliyekaa mbele yangu? Watu wanayachanganya. Matokeo ya NECTA yaliyoko mtandaoni unaweza kuyafungua kwa mwaka na shule, ukatafuta namba ya mtahiniwa, ukaona jinsi, ufaulu na alama za masomo. Kwa kidato cha nne majina hayaonekani. Kwa hiyo zikifanana unachojua ni kwamba yupo mtu aliyepata alama hizo kwa namba hiyo. Mghushi mwenye akili hutumia namba ya kweli. Muhuri wa wakili kwenye nakala nao unasema tu kwamba nakala inafanana na karatasi aliyoonyeshwa.

Ndiyo maana mtandao nautumia kama chujio la kwanza, na kwa yule ninayetaka kumwajiri naandika barua Baraza la Mitihani, ambalo lina huduma ya uhakiki kwa waajiri kwa malipo. Stashahada naipeleka kwa msajili wa chuo, pamoja na nakala ya ridhaa. Namba ya simu ya chuo natafuta mwenyewe. Ile iliyoandikwa kwenye wasifu siitumii.

Sasa kasoro tatu za dada yule aliyeongoza usaili wa Uyole. Ya kwanza: cheti chake cha kidato cha nne hakikuwa na daraja. Hakuna la kwanza, la pili wala la tatu, kuna neno la Kiingereza tu la kiwango cha ufaulu, na somo moja lina B yenye alama ya kujumlisha. Mwenye ghala hajawahi kuona kitu kama hicho. Lakini tazama mwaka: 2014. Mtihani wa mwaka ule ulipangwa kwa wastani wa pointi, si kwa madaraja, kisha mfumo wa madaraja ukarudishwa. Cheti cha 2014 chenye daraja la pili ndicho ambacho kingenishtua.

Ya pili: ubini. Kwao ni Rungwe, na ubini wake unaanza na "Mwa-" kama ilivyo kwa wengi kule. Cheti cha shule kimeandika L katikati, NIDA wameandika R. Hili kwetu ni jambo la kila wiki. Mwandikishaji aliyezoea masikio ya kwingine anaandika anachosikia. Ya tatu: stashahada ina ubini mwingine kabisa.

Hatua ya 4: Majina yakitofautiana, omba kiunganishi, usiombe historia

Hapa ndipo waajiri wengi wanapovuka mpaka bila kujua. Wanauliza, "Umeolewa? Mume anafanya kazi gani? Cheti cha ndoa kiko wapi?" Ulichotaka ni majina kuungana, ukaishia kujua ndoa ya mtu. Mimi nilimwambia: "Dada, majina matatu haya hayalingani. Naomba hati yoyote unayoona inafaa, inayoonyesha ni mtu mmoja. Una siku saba."

Alileta hati ya kiapo aliyoapa mbele ya hakimu, inayotaja majina yote matatu. Niliisoma, nikaandika kwenye faili "kiapo kimeonwa, majina yanaungana," pamoja na tarehe, nikamrudishia. Nakala sikutoa. Angeleta cheti cha ndoa kwa hiari yake ningefanya hivyohivyo. Picha iliyo kwenye cheti chake cha shule, na tarehe ya kuzaliwa iliyolingana na ya NIDA, vilimalizia swali la pili.

Kuna jambo naona kila mara na linanikera: meneja anapiga picha cheti na kukitupa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, "Nani anamjua huyu?" Hapo umemvua mtu nguo mbele ya watu thelathini, na picha ile huwezi kuirudisha.

Hatua ya 5: Mpigie mdhamini, ukiwa na maswali yaleyale kwa kila mwombaji

Neno "mdhamini" lenyewe lina mtego. Kwetu mdhamini ni yule anayelipa mtu akiiba, kwa hiyo wengine wakisikia unapiga wanakana hata kumfahamu mwombaji. Anza kwa kuliondoa hilo. Na hakikisha unazungumza na mhusika wa kweli: piga namba ya ofisi na uombe kuunganishwa. Niliwahi kupewa "meneja" wa kiwanda cha mbao ambaye nyuma yake nilisikia mtoto akiitwa akale.

Maswali yangu ni manne. Alifanya kazi kuanzia lini mpaka lini? Alikuwa na cheo gani, na je, funguo alishika yeye? Bini kadi, ile kadi ya kuandika mzigo unaoingia na kutoka stoo, alijaza yeye, na stoku ilihesabiwa kila baada ya muda gani? Hesabu ikitofautiana alifanya nini? Mazungumzo na mdhamini wa kwanza, mzee wa Makambako, yalikwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Sikuombi udhamini wa pesa. Ameridhia mwenyewe nikuulize kuhusu kazi aliyoifanya kwako."

"Binti mzuri huyo. Ila kaolewa majuzi, nadhani sasa hivi ana mimba."

"Hilo naomba tuliache mzee, silihitaji na siliandiki. Stoku mlihesabu mara ngapi?"

"Kila mwisho wa mwezi. Kuna mwezi mifuko 14 ya urea ilipotea."

Usikate simu hapo, na usiandike "mwizi". Uliza: ulishuhudia mwenyewe au uliambiwa? Kulifanyika uchunguzi? Alipewa barua ya onyo? Mzee aliambiwa tu, barua hakuna. Kwenye fomu nikaandika: "Upungufu wa mifuko 14, amesikia kwa wengine, hakuna hatua ya nidhamu." Ya mimba sikuandika, na mwenye ghala sikumwambia.

Mdhamini wa pili alikuwa mhasibu wa palepale. Nilimuuliza maswali manne yaleyale, na la tofauti ya hesabu akalijibu bila kusukumwa: lori lilishusha usiku mifuko 386 badala ya 400, delivari noti ikasainiwa na mlinzi bila kuhesabu. Aliyegundua ni dada yule, asubuhi yake, alipojaza bini kadi.

Hatua ya 6: Mpe nafasi ya kujibu kabla hujaamua

Hata baada ya simu ya mhasibu nilimwita mwombaji. Sikumtajia nani kasema. Nilimwambia, "Nimeelezwa kulikuwa na upungufu wa urea. Nieleze." Alieleza vilevile, na akaongeza kwamba aliandika barua ya upungufu siku ileile.

Kama Baraza lingejibu kwamba cheti hakitambuliki, ningemwita vilevile na kumwonyesha jibu lenyewe, maana namba inaweza kukosewa kwenye barua yangu. Akishindwa kujieleza, nafasi anaikosa, na suala la kughushi ni la polisi. Kulitangaza mjini si kazi yangu.

Hatua ya 7: Funga faili

Mwenye ghala nilimpa ukurasa mmoja: vyeti vimehakikiwa, majina yanaungana, uzoefu umethibitishwa na watu wawili. Nakala hakupewa kwa sababu hakuzihitaji kuamua. Mshindi wa pili nilimpigia mwenyewe, na alipouliza wadhamini wake walisema nini nilimsomea majibu yanayohusu kazi yake.

Karatasi zake zilikaa kwenye kabati lenye kufuli siku 90. Nimechagua muda huo kwa sababu mgogoro usio wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na napenda kubaki na nafasi kidogo mbele. Siku ya tisini nilizichanachana, nikafuta na zile za kwenye simu, pamoja na zilizokuwa kwenye folda ya picha zilizofutwa.