Jinsi ya Kumtambulisha Mwenyekiti Mpya wa Bodi kwa Wanachama

Hotuba ya mwenyekiti anayeondoka huharibika kwa namna ileile: kuaga kunameza dakika zote, na mrithi anatajwa mwishoni kabisa, watu wameshageukia sahani zao. Iandike kwa kuanzia kwa mrithi.

1. Hakikisha cheo chake. Muulize katibu kama amethibitishwa kwa mujibu wa katiba ya chama, na anaanza kazi lini. Ikiwa kura bado, mwite "aliyependekezwa na bodi". Ukimwita mwenyekiti mpya, wanachama wataona wameamuliwa, na minong'ono itaanza mezani.

2. Gawa muda. Dakika 5 zinatosha. Ukumbini, maneno 100 hivi kwa dakika ndiyo kasi ya kusikika vizuri, kwa hiyo andika maneno 500: yako na shukrani yasizidi 150, yanayobaki yawe ya mrithi.

3. Tafuta tendo moja. Hapa ndipo penye kazi. Orodha ya vyeo na shahada haikai kichwani, tena pengine imeshachapwa kwenye ratiba. Tuseme mrithi alikuwa mhazini. "Ana uzoefu mkubwa wa fedha" inaweza kusemwa juu ya mhazini yeyote. Linganisha na hii:

"Mwaka juzi wanachama kadhaa walikuwa wanakaribia kufutwa kwa kuchelewesha ada. Mhazini wetu aliwapigia simu mmoja mmoja, kisha akaileta bodini hoja ya kulipa kwa awamu 4. Wengi wao tuko nao humu leo."

Sasa wanamwona akifanya kazi. Ila sentensi ya mwisho ifute: shingo zitageuka kutafuta ni nani hao waliokuwa wanadaiwa. Weka badala yake, "Hakuna aliyefutwa." Bila shaka, iseme tu ikiwa ndivyo ilivyokuwa.

4. Msomee mrithi kabla ya siku. Mwambie alitamke jina lake mwenyewe, ulisikie. Muulize kama kuna jambo la familia au la afya asilotaka litajwe. Kisha futa kila ahadi uliyomwekea. "Ataukamilisha mradi wa jengo" inasikika kama pongezi, lakini huenda yeye anakusudia kuusimamisha, na umemfunga mikono mbele ya wanachama wote.

5. Jina liwe neno la mwisho. Mwombe mshereheshaji asilitaje anapokukaribisha wewe. Malizia hivi: "Wanachama wenzangu, mpokeeni mwenyekiti wetu, …" kisha jina kamili, na unyamaze. Ukiongeza neno baada ya jina, makofi yatalifunika au yatakatika njiani.

Acha kipaza sauti mahali pake, mpe mkono anapopanda, nenda moja kwa moja kwenye kiti chako. Kama ulisahau kumshukuru mtu, mshukuru mezani kwake. Usirudi jukwaani kwa "jambo moja dogo".