Panga upya ripoti ya dagaa kabla ya kuipeleka kwa wafadhili

Ripoti ya kikundi cha dagaa Kigoma inaweza kuanza na "hatuna kikaushio". Hilo si tatizo, ni suluhisho lililojificha. Tatizo ni hili: masika dagaa walioanikwa mchangani huoza au hushuka bei. Andika hivyo, kwa kilo na shilingi.

Kwenye uchambuzi eleza sababu tu: unyevu, mchanga, mvua ya ghafla. Humo ndimo vinamotoka vigezo vya kupimia njia. Kisha weka njia tatu: kwanza kabisa kuendelea kuanika mchangani kama sasa, kisha kuanika juu ya chanja, na kikaushio cha jua. Bila ile ya kwanza msomaji hana cha kulinganishia.

Gawa uzito kabla ya kutoa alama, la sivyo utaupinda uipe ushindi njia uipendayo. Tuseme gharama 40, kupunguza hasara 40, urahisi wa kutunza 20. Alama ni 1 hadi 5, na 5 ndiyo nzuri, hata kwenye gharama (nafuu hupata 5). Kwa mpangilio huo, mchanga upate 5, 1, 5. Chanja 4, 3, 4. Kikaushio cha jua 2, 5, 3. Zidisha, jumlisha: 340, 360, 340.

Chanja zimeshinda, ila kidogo. Hamisha pointi 10 za uzito kutoka gharama kwenda hasara: chanja 350, kikaushio 370. Kwa hiyo pendekezo liseme wazi: chanja sasa, kwa kuwa mtaji ni mdogo, fedha ikipatikana, kikaushio.