Kutoka rundo la wasifu hadi jedwali la alama: mwongozo kwa katibu wa jopo la usaili

Tuchukue nafasi moja: mhasibu wa shirika lisilo la kiserikali Tanzania linaloendeshwa kwa fedha za wafadhili. Tangazo limetaka shahada ya uhasibu au fedha, CPA(T) na uzoefu usiopungua miaka 3. Limeongeza kwamba mwombaji awe ameandaa taarifa za fedha, amewahi kufanya kazi na wafadhili na wakaguzi, na anajua programu ya hesabu. Barua 40 zimeingia, watu 6 ndio wataitwa kwenye usaili, na wewe ndiye katibu wa jopo.

Tengeneza jedwali kabla ya kufungua wasifu wowote

Vigezo vyote vitoke kwenye tangazo. Lisilotangazwa halipewi alama, hata kama mwenyekiti angependa mtu aliyesoma chuo fulani, kwa sababu waombaji hawakuambiwa walieleze.

Vigawe vigezo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni masharti ya lazima: shahada, CPA(T), miaka 3. Haya hayana alama, yanajibiwa N kwa ndiyo au H kwa hapana, na H moja inamtoa mwombaji. Fungu la pili ni vigezo vya kupima ubora, vyenye alama 0 hadi 3 na uzito: taarifa za fedha mara 4, wafadhili na ukaguzi mara 3, programu mara 3. Alama ya juu kabisa ni 30. Majopo mengi hukosea kwa kuipa shahada alama ilhali kila aliyepita anayo. Safu nzima inajaa tarakimu zile zile na haimtofautishi mtu na mwenzake.

Kisha andika kwa maneno maana ya kila alama. Hapa usiwe na haraka, maana ugomvi mwingi wa jopo unaanzia hapa. Kwa kigezo cha wafadhili na ukaguzi, andika hivi: 0 hakutaja lolote, 1 alisaidia wengine kuandaa taarifa za wafadhili, 2 aliziandaa mwenyewe, 3 aliziandaa mwenyewe na pia alisimamia ukaguzi wa nje kwa upande wa shirika hadi mwisho. Ukiandika tu maneno kama “wastani” na “nzuri sana”, kila mjumbe atakuwa na wastani wake.

Wajumbe wote wasaini ukurasa huo na kuweka tarehe. Kuanzia hapo uzito haubadilishwi, maana anayeubadilisha baada ya kuona nani yuko juu anachagua mtu, hachagui sifa.

Namba badala ya majina

Wajumbe waoneshwe kwanza orodha ya majina tu, ili mwenye ndugu au rafiki wa karibu aseme. Huyo ajitoe kwenye mchujo mzima. Kuacha kumpima ndugu yake pekee hakutoshi, kwa kuwa akiwabana wengine 39 ndugu anapanda bila kuguswa.

Baada ya hapo kila wasifu upewe namba, nawe ufunike jina, picha, umri, dini na hali ya ndoa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama hiyo, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Mambo hayo yasiwe na safu kwenye jedwali.

Masharti ya lazima: soma tarehe, usisome idadi ya miaka

Kwenye CPA(T), tazama kama mtu amehitimu. Anayeandika “CPA, hatua ya mwisho” bado yuko kwenye mitihani, hivyo jibu ni H.

Kwenye uzoefu, usipokee sentensi ya juu ya ukurasa inayosema “nina uzoefu wa miaka 3”. Hesabu miezi mwenyewe. Tuseme namba 17 ameandika kwamba alikuwa mhasibu wa shirika kuanzia Machi 2020 hadi Februari 2022, yaani miezi 24, kisha mhasibu wa muda wa shule kuanzia Septemba 2021 hadi Agosti 2022, yaani miezi 12. Ukijumlisha unapata 36 na anapita. Lakini miezi 6, Septemba hadi Februari, imehesabiwa mara mbili. Kuanzia Machi 2020 hadi Agosti 2022 ni miezi 30, kwa hiyo hajafika.

Kuna na wale wanaoandika miaka mitupu, “2019–2021”. Hiyo inaweza kuwa miezi 36 kamili, au 14 tu kama alianza Desemba na kuacha Januari. Usimkisie mtu kwa kumhurumia wala kwa kumkomoa. Wote wenye utata wa namna hiyo waandikie ujumbe mmoja unaofanana, ukiomba mwezi wa kuanza na wa kumaliza, na muda wa kujibu uwe sawa kwa wote.

Kutoa alama

Wajumbe wawili wapime kila wasifu, kila mmoja kwenye nakala yake, bila kuoneshana. Waanze na wasifu 3 zile zile kisha wakae walinganishe. Kama wanapishana, maelezo ya alama hayajaeleweka, na ni nafuu kuyafafanua sasa kuliko baada ya wasifu 40. Wakifafanua, hata hizo 3 zipimwe upya.

Kando ya kila alama kuwe na ushahidi: ukurasa na maneno ya mwombaji mwenyewe. Mfano, “uk. 2, kazi ya pili: niliandaa taarifa za robo mwaka za mfadhili” inastahili 2. “Nilishiriki katika kuandaa taarifa” ni 1, hata kama unahisi alifanya zaidi. Usaili ndio utakaomuuliza. Alama isiyo na ushahidi irudishwe kwa aliyeitoa.

Kwenye Excel, safu A iwe namba, B hadi D masharti ya lazima, E hadi G alama kwa mpangilio wa uzito tuliotaja, H jumla, na I hadi K ushahidi. Kwenye H2 andika:

```
=IF(COUNTIF(B2:D2,"N")=3,E2*4+F2*3+G2*3,"HAKUPITA")
```

Mwenye 2, 3 na 1 atapata 20. Jaribu mstari mmoja kwa mkono kabla ya kuishusha fomula hadi chini.

Wapimaji wakitofautiana kwa alama 1 kwenye kigezo, chukua wastani. Wakitofautiana kwa 2 au zaidi, wausome wasifu pamoja. Mara nyingi utakuta mmoja aliruka ukurasa.

Mstari wa kukata

Panga waliopita kwa jumla kutoka juu. Kama wa sita ana 21 na wa saba ana 17, mstari uko wazi. Kama wa sita na wa saba wana 20 kila mmoja, waite wote wawili, usitafute kigezo kipya cha kuwatenganisha. Kabla ya kufunga, mjumbe ambaye hakuwapima asome upya wawili walio chini tu ya mstari na wote waliotolewa kwa H moja. Huko ndiko hujificha cheti kilichobandikwa nyuma ya barua bila kutajwa kwenye wasifu.

Muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo, ukiwa na jedwali, ukurasa wa vigezo uliosainiwa na sababu ya kila aliyetolewa. Nakala za wasifu zilizobaki mikononi mwa wajumbe zirudi kwako, ziharibiwe. Jalada moja libaki chini ya ufunguo kwa muda tu unaohitajika kujibu malalamiko, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu karatasi hizo pia.