Somo: Kapsheni ya video ya chapati kwa kampuni ya mafuta ya kupikia

Habari zenu wana kikundi. Wiki hii wengi mmeleta kazi za mafuta ya kupikia, na karibu zote zimeandikwa hivi: "Ipende familia yako, pikia JINA. Ladha halisi, afya bora!" Toa neno "pikia", weka "fulia", na kapsheni hiyo itauza sabuni bila kubadilisha kitu kingine. Ndiyo kasoro yake. Familia imetajwa lakini haipo, na mafuta yametajwa lakini hayafanyi kazi yoyote.

Tuchukue video moja tuitengeneze pamoja. Ni ya sekunde 45, imepigwa nyumbani, upande huu wa Kampala. Mama anakanda unga wa chapati jioni ya Jumapili, sigiri iko uani, watoto wawili wamekaa karibu. Mafuta ni ya alizeti. Popote nitakapoandika JINA, ndipo linapokaa jina la mteja.

Hatua ya kwanza: zima sauti, utazame mafuta peke yake.

Andika kila mahali yanapoingia na kazi yanayofanya hapo. Katika chapati yanaingia mara tatu. Kwanza ndani ya unga, ili donge liwe laini na lisukumike bila kurudi nyuma. Mara ya pili yanapakwa juu ya duara lililosukumwa, kabla ya kuviringwa na kuzungushwa kama konokono. Mara ya tatu ni kwenye kikaango.

Mahali pa pili ndipo penye kapsheni. Yale mafuta ya katikati ndiyo yanayozuia unga kushikana na unga, kwa hiyo chapati ikiiva inafunguka matabaka. Ukisahau kuyapaka, unapata kitu kigumu kama kifuniko. Kila aliyewahi kupika chapati analijua hilo, na ndiyo kazi ambayo mafuta ya mteja wako yanaonekana yakiifanya waziwazi. Huna haja ya kuyasifu. Taja kazi hiyo tu.

Hatua ya pili: mtafute mtu, si "familia".

Rudia video, safari hii ukitazama watu. Kwenye hii yetu, sekunde ya 19, mtoto mdogo anabonyeza konokono la unga kwa kidole gumba, shimo linabaki, anamtazama mama yake. Mama hasemi kitu, anapaka mafuta juu ya lile shimo na kuendelea. Mimi niliirudia sehemu hiyo mara nne. Mlo wa familia ni vitu kama hivyo: nani anasubiri, nani anaiba, nani anawekewa yake pembeni kwa sababu anachelewa kurudi kazini. Chagua kimoja tu. Ukiweka baba, bibi, wageni na watoto wote kwenye mistari mitano, hakuna atakayeonekana.

Hatua ya tatu: mstari wa kwanza.

Instagram hukata kapsheni baada ya herufi 125 hivi, na kilichobaki hakisomwi mpaka mtu aguse. Kwa hiyo mtu atangulie, mafuta yafuate. Msianze na jina la bidhaa. Kopo linaonekana kwenye picha tayari.

Hatua ya nne: vipimo, na viwe vile vinavyoonekana.

Hapa niliwahi kuumia. Niliandika "vijiko viwili vya mafuta" kwenye video ambayo mpishi alimimina karibu nusu kikombe. Mteja alipenda kapsheni, sote tukaipitisha. Watazamaji hawakuzungumzia chakula hata kidogo. Siku nzima walihesabu vijiko. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika kipimo nampigia aliyepika, sio aliyepiga video.

Pia pimeni kwa kijiko na kikombe, si kwa chupa. Watu wengi wananunua mafuta kidogo kidogo dukani, ya mlo mmoja. Ukiwaambia "fungua chupa yako ya lita", umeshawatoa mezani.

Hii ndiyo kapsheni niliyomaliza nayo:

*Kwetu chapati ya kwanza haifiki mezani. Inaishia mikononi mwa wanaosubiri kando ya sigiri.*

*Matabaka yanatoka hapa: sukuma duara, paka kijiko kidogo cha JINA, viringa, zungusha kama konokono, kisha sukuma tena.*

*Unga wa ngano vikombe 4, chumvi kijiko kidogo 1, mafuta vijiko vikubwa 3, maji ya uvuguvugu kikombe 1 na robo, ukiyaongeza polepole. Kanda, funika, acha dakika 30. Zinatoka 8.*

*Kwenu nani hula ya kwanza?*

Jina limetajwa mara moja, pale linapofanya kazi. Mteja aliomba liwe mara tatu. Nilimwonyesha lile kopo linaloonekana mezani tangu mwanzo wa video, akakubali. Na swali la mwisho linajibika kwa neno moja: "Kitinda mimba", "Baba", "Mimi". Mngeuliza "Mnaonaje mapishi yetu?" mngepata kimya.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Jinja: Dada, mteja wangu anataka niandike "haina kolesteroli". Ni kweli au si kweli?*

Ni kweli, mdogo wangu, lakini ni kweli kwa mafuta yote ya mimea, kwa sababu kolesteroli hutoka kwa wanyama. Ukiiandika kama sifa ya JINA unamfanya msomaji aamini ya jirani inayo. Kama lebo inasema mafuta yameongezwa vitamini A, hilo andika kama lilivyo kwenye lebo, na uishie hapo. Usifike kwenye "yanalinda macho ya watoto wako". Hiyo ni kauli ya tiba, na kwenye mlo wa Jumapili inasikika kama tishio.

*Kutoka Bombo: Mwalimu, video yetu ni ya futari. Nibadilishe nini?*

Badilisha saa. Chapati ya Jumapili inaliwa ikitoka motoni, lakini aliyefunga hali kitu mpaka magharibi, kwa hiyo "chapati ya kwanza haifiki mezani" itakuwa kosa kubwa. Tazama nani anapika bila kuonja, anajuaje kama chumvi imetosha. Hapo pana mstari wako wa kwanza. Na iwekeni mchana mapema, kabla watu hawajaingia jikoni.

*Kutoka Mbale: Mimi silipwi na kiwanda, nimeletewa tu katoni ya mafuta nipikie. Lazima niseme?*

Sema, dada yangu. Katoni ni malipo. Andika "Mafuta haya nimepewa na JINA" kwenye mistari ya mwanzo, sio chini kabisa baada ya heshitegi. Anayekufuata amekuamini kwa mkono wako wa mapishi, na akigundua baadaye hatarudi.

*Kutoka Arua: Video yangu haina mtu mezani, ni mikono na sufuria tu. Familia niitoe wapi?*

Usiitunge. Tazama sufuria: ni ya watu wangapi? Hesabu sahani zilizopangwa, angalia kama kuna kikombe cha plastiki cha mtoto, au sahani iliyofunikwa kwa nyingine. Kama kweli hakuna chochote, mwombe mpiga video sekunde tatu za sahani iliyofunikwa, kisha andika: "Hii ni ya anayerudi saa tatu."